Jinsi ya kupanga listi ya thieta ili mgonjwa wa mwisho asirudishwe wodini: mwongozo kamili

Mgonjwa wa tano kwenye listi ameshinda na njaa tangu usiku. Saa 9:00 alasiri muuguzi wa wodi anakwenda kumwambia kwamba leo haiwezekani, arudi kesho. Kesho yake anawekwa wa tano tena. Nimesimamia chumba cha upasuaji kwa miaka, na mara nyingi nilipoyaona hayo, chanzo hakikuwa uzembe wa mtu yeyote thietani. Listi yenyewe iliandikwa jana yake ikiwa tayari haiwezekani, na hakuna aliyepiga hesabu.

Mwongozo huu ni wa anayeandika listi ya upasuaji wa kupangwa katika hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye chumba kimoja cha kazi hiyo, na chumba kingine cha dharura. Kama mnacho chumba kimoja tu kwa yote, soma pia sehemu fupi iliyo kabla ya hatua ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la thieta lenye saa halisi za angalau listi 20 zilizopita.
- Ratiba ya wiki ya kila daktari wa upasuaji na kila mtaalamu wa usingizi: raundi, kliniki, zamu ya usiku, safari.
- Orodha ya seti za vifaa: zipo ngapi za kila aina, na mashine ya kutakasia huchukua muda gani kurudisha seti ikiwa tayari.
- Idadi ya vitanda vya chumba cha kuamkia, na jibu la maabara kuhusu damu.
- Karatasi na kikokotoo, au lahajedwali kwenye kompyuta.

Daftari ndilo muhimu kuliko vyote. Likiwa na safu ya "saa ya kuanza" na "saa ya kumaliza" tu, bila kusema nini kilianza na nini kiliisha, takwimu zake zitakudanganya. Anza leo kuandika nyakati tano kwa kila mgonjwa: kuingia chumbani, kuanza usingizi au ganzi, kisu kugusa ngozi, kufunga kidonda, kutoka chumbani. Baada ya wiki chache utakuwa na cha kufanyia kazi.

## Hatua ya 1: Hesabu muda wa chumba, usihesabu muda wa kisu

Hapa ndipo listi nyingi zinapofia. Ukimuuliza daktari ngiri inachukua muda gani, atakujibu, "Dakika hamsini." Hasemi uongo. Anakuambia muda wake yeye, tangu kisu mpaka uzi wa mwisho. Lakini chumba kinakaliwa tangu machela inaingia mpaka inatoka. Katikati kuna kumhamishia mgonjwa mezani, ganzi ya mgongo na kungoja ishike, kulaza vizuri, kusafisha ngozi, kutandika vitambaa, kuhesabu gozi na vifaa mwanzo na mwisho, kumwamsha. Kuna pia vituo vitatu vya orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo kabla ya matokeo kuchapishwa mwaka 2009, kwa hiyo kwetu si mambo ya kigeni. Vituo hivyo vina dakika zake, na dakika hizo ni za chumba.

Kwa kila aina ya upasuaji, toa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka. Chukua wagonjwa 10 hadi 20 wa mwisho, kisha tafuta vitu viwili: wastani, na mtawanyiko, yaani namba zinacheza mbali kiasi gani na wastani huo. Kwenye lahajedwali kazi hiyo inafanywa na `AVERAGE` na `STDEV.S`.

Tumia wastani, usitumie "muda wa kawaida" ambao watu wanaukumbuka. Upasuaji hauchezi sawasawa pande zote mbili. Ngiri ya saa moja haiwezi kuisha saa nzima kabla, lakini inaweza kupitiliza saa nzima ikikutwa utumbo umeshikamana. Siku hizo chache mbaya zinaupandisha wastani juu ya kile ambacho watu wanakiita kawaida, na ndizo unazohitaji zihesabiwe.

Fanya hesabu kwa kila daktari peke yake pale takwimu zinapokuwa za kutosha. Daktari bingwa na daktari anayejifunza chini yake hawana muda mmoja, na siku ya kufundisha ni ndefu zaidi. Kama upasuaji fulani mmeufanya mara tatu nne tu, chukua wastani wa hizo na mtawanyiko uweke theluthi ya wastani mpaka upate takwimu za kutosha. Hicho ni kipimo changu cha muda tu, kiache mara daftari litakaposema.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mtaalamu wa usingizi namba zako naye akasema, "Ndiyo, hivi ndivyo tunavyokaa." Yeye yupo chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo ni shahidi mzuri kuliko mpasuaji.

## Hatua ya 2: Pima muda wa mpito

Muda wa mpito ni tangu mgonjwa mmoja anatoka mpaka mwingine anaingia. Ndani yake kuna usafi wa meza na sakafu, kuondoa takataka na vifaa vilivyotumika, kufungua seti mpya, mtaalamu wa usingizi kuvuta dawa zake na kukagua mashine upya, na kumleta mgonjwa kutoka wodini.

Usiukisie. Utoe kwenye daftari: saa ya kuingia ya mgonjwa wa pili, toa saa ya kutoka ya wa kwanza. Ukikuta wastani ni dakika 30, andika 30 hata kama mwongozo wa hospitali unasema 15. Listi hufuata ukweli wa chumba chako.

Kama unataka kuupunguza, angalia kwanza nani anangoja nani. Pale nilipofanya kazi tuligundua kwamba chumba kilikuwa safi ndani ya dakika 15, na zilizobaki zote tulikuwa tukimngoja mgonjwa. Wodi ilipigiwa simu baada ya mgonjwa wa kwanza kutoka. Tulihamisha simu hiyo: sasa inapigwa daktari anapoanza kufunga ngozi. Mgonjwa anayefuata anafika sehemu ya kusubiria akiwa na kanyula, fomu ya ridhaa imetiwa saini na mahali pa upasuaji pamewekwa alama, wakati chumba bado kinapigwa deki.

Tahadhari: dakika za mpito zisipunguzwe kwa kukata usafi wala kuhesabu gozi. Punguza kungoja peke yake.

## Hatua ya 3: Weka akiba moja, mwisho wa siku

Wapangaji wawili hukosea hapa kwa njia mbili. Wa kwanza haweki akiba kabisa, kwa hiyo nusu ya listi zake zinapitiliza. Wa pili anaongeza dakika 20 kwa kila mgonjwa ili awe salama, na chumba kinalala bila kazi tangu saa 8:00 mchana huku foleni ya kliniki ikirefuka.

Sababu ya kutoongeza kwa kila mgonjwa ni hii: siku moja haiwi mbaya kwa wagonjwa wote. Mmoja akichelewa dakika 20, mwingine huwahi dakika 10, na makosa yanafutana kidogo. Kwa hiyo akiba ya siku nzima inatakiwa iwe ndogo kuliko jumla ya akiba za mmoja mmoja. Kanuni yake: zidisha kila mtawanyiko kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo. Jibu lizidishe kwa 0.84, na utapata akiba itakayokuwezesha kumaliza kwa wakati takriban mara nne katika kila siku tano. Ukitaka uhakika zaidi ongeza kizidishio, lakini ujue unalipa kwa kupunguza wagonjwa.

Kwa wagonjwa wanne, wastani ukiwa safu ya B na mtawanyiko safu ya C, na mpito ukiwa dakika 30, hesabu nzima ni mstari mmoja:

```
=SUM(B2:B5)+(COUNT(B2:B5)-1)*30+0.84*SQRT(SUMSQ(C2:C5))
```

Jibu likizidi dakika za chumba, listi imejaa kupita kiasi, hata kama daktari anasisitiza kwamba ataharakisha. Nawaomba wasimamizi wenzangu msimame hapo. Anayelipa gharama ya "nitaharakisha" ni yule mgonjwa wa mwisho.

## Hatua ya 4: Jaza listi, kisha punguza

Tuchukue Jumanne moja ya mfano. Namba ni za kuonyesha hesabu. Zako zitoke kwenye daftari lako. Chumba kinafunguliwa saa 2:00 asubuhi na timu ya mchana inamaliza saa 9:30 alasiri, yaani dakika 450. Walioombewa nafasi ni watano:

| Mgonjwa | Wastani (dakika) | Mtawanyiko |
|---|---|---|
| Mtoto wa miaka 3, ngiri | 60 | 12 |
| Mtu mzima, busha | 65 | 15 |
| Goita | 150 | 35 |
| Mtu mzima, ngiri ya kinena | 85 | 20 |
| Jipu la paja lenye usaha, kusafishwa | 45 | 15 |

Ukijumlisha muda wa kisu waliousema madaktari, wote watano hawafiki dakika 270, na ndiyo maana kila mtu aliona siku hiyo ni nyepesi. Sasa piga hesabu ya chumba. Wastani unajumlika kuwa 405. Mipito minne ni 120. Tayari tuko 525 na hatujaweka akiba. Akiba ikiingia tunafika 565. Watano hawawezi. Mmoja lazima atoke.

Nani atoke? Usianze na hesabu, anza na ugonjwa. Goita lilikuwa linambana mgonjwa akilala, na jipu haliwezi kungoja. Mtoto amefunga safari na mama yake kutoka mbali. Wanabaki busha na ngiri ya kinena. Ngiri inarudi ndani yenyewe na haina maumivu. Mwenye busha aliahirishwa wiki iliyopita, na kwenye chumba changu aliyeahirishwa mara moja haahirishwi mara ya pili isipokuwa afya yake yenyewe ikizuia. Kwa hiyo ngiri ya kinena ndiyo inayohamishwa. Uamuzi huu si wako peke yako: mpigie daktari mwenye mgonjwa, akubali, na jina lake liandikwe kando.

Sasa hesabu tena na wanne: wastani 320, mipito mitatu 90, akiba 36. Jumla 446. Zinaingia ndani ya 450. Kwa kulinganisha, kama tungembakiza mwenye ngiri tukamtoa mwenye busha, tungepata 468, na siku ingekuwa imepitiliza kabla ya kuanza.

Tahadhari: mgonjwa aliyetolewa asiachwe hewani. Apewe siku mpya saa ileile, na awe wa kwanza au wa pili siku hiyo. Mwambie kabla hajaanza kufunga kula.

## Hatua ya 5: Panga mfuatano kwa saa za watu na vifaa

Kuna kanuni za kitabibu zinazotangulia zote. Watoto wadogo huwekwa mwanzo kwa sababu hawavumilii njaa. Mwenye kisukari huwekwa mapema ili sukari yake isiyumbe. Vidonda vyenye usaha huwekwa mwisho ili usafi mkubwa ufanyike bila mtu kungoja. Zikigongana, kwa mfano jipu kwa mwenye kisukari, kaa na mtaalamu wa usingizi mwamue. Mimi ningempeleka chumba kingine kikiwepo, au ningemweka mapema na kuongeza muda wa usafi baada yake.

Baada ya hizo, wengi hufuata kanuni ya fupi kwanza, ndefu baadaye. Si kanuni mbaya: upasuaji mfupi hauyumbi sana, kwa hiyo wanaofuata hawachelewi mno. Kwenye Jumanne yetu ingetupa mtoto, busha, goita, jipu. Tuone inatufikisha wapi.

Mtoto anaingia saa 2:00, anatoka saa 3:00. Busha saa 3:30 hadi 4:35. Goita saa 5:05 hadi 7:35 mchana. Jipu saa 8:05 hadi 8:50. Kwenye karatasi inapendeza.

Lakini goita linafanywa na daktari bingwa mmoja tu. Asubuhi ana raundi mpaka saa 3:30, na saa 8:00 mchana kliniki yake inaanza na wagonjwa wameshakaa kwenye mabenchi. Katika mpango huu amebakiwa na dakika 25 tu kati ya kumaliza goita na kwenda kliniki. Mtawanyiko wa mtoto, busha na goita kwa pamoja unadai akiba ya dakika 34. Maana yake, zaidi ya mara moja katika siku tano, saa 8:00 itamkuta bado yuko shingoni mwa mgonjwa. Hakuna anayeliacha goita katikati, kwa hiyo kliniki nzima itangoja.

Kuna shida ya pili ambayo haionekani kwenye karatasi ya listi. Mtoto na busha wanatumia seti ndogo ya jumla, na hospitali ya mfano wetu inayo moja. Seti ikitoka saa 3:00, inaoshwa, inakaushwa, inafungwa, inaingia kwenye mashine, inapoa. Hata mzunguko wa nyuzi 121 kwa dakika 20 ukiwa umekwenda vizuri, ukijumlisha kupasha moto, kukausha na kazi ya mikono, hesabu saa mbili na nusu. Seti itakuwa tayari saa 5:30. Busha la saa 3:30 lingeingia na kungoja vifaa.

Kwa hiyo badilisha: mtoto, goita, busha, jipu.

1. Mtoto: saa 2:00 hadi 3:00 asubuhi.
2. Goita: saa 3:30 asubuhi hadi 6:00 mchana. Bingwa ametoka raundi, na ana saa mbili kamili kabla ya kliniki.
3. Busha: saa 6:30 hadi 7:35 mchana. Seti ndogo imekuwa tayari kwa saa nzima.
4. Jipu: saa 8:05 hadi 8:50 mchana. Inabaki akiba ya dakika 40 mpaka saa 9:30.

Tumevunja kanuni ya fupi kwanza, na siku imekuwa imara zaidi. Ndiyo maana nasema saa za daktari ziandikwe kama dirisha lenye mwanzo na mwisho. Kuandika tu "Dokta yupo Jumanne" hakukuambii chochote. Muulize maswali mawili: unaweza kuwa umevaa na kunawa saa ngapi, na saa ngapi ni lazima uwe umetoka? Swali la pili ndilo husahaulika. Kama alikuwa zamu ya usiku, uliza pia kama atalala.

Mpango huu una udhaifu mmoja: raundi ya bingwa ikichelewa, chumba kitakaa bure. Mweke daktari mwingine wa kumalizia raundi, na mkubaliane kwamba saa 3:15 bingwa anapigiwa simu.

Utajua umefaulu kama kila mstari wa listi unaweza kujibu maswali manne bila kusita: nani anapasua, nani anatoa usingizi, seti ipi, kitanda kipi cha kuamkia. Kwa goita ongeza la tano: damu imepimwa ulinganifu na ipo?

## Kama chumba ni kimoja na dharura huingia humohumo

Usijaze dakika 450. Fungua daftari la siku 20 za kazi zilizopita, jumlisha dakika ambazo upasuaji wa uzazi na dharura nyingine zilichukua chumba mchana, gawanya kwa 20. Kiasi hicho kitoe kwanza kwenye dakika za siku, kisha rudi hatua ya tatu. Utaona unabaki na wagonjwa wachache kuliko ulivyozoea kuwaandika, na ndio hao uliokuwa ukiwamaliza siku zote.

## Hatua ya 6: Andika saa za kufunga kula kwa jina la mgonjwa

"Wote wasile tangu saa 6:00 usiku" ni rahisi kuandika, na ni mateso kwa mtu atakayeingia saa 8:00 mchana. Kiwango kinachotumika kwa upasuaji wa kupangwa ni saa 6 bila chakula chepesi, saa 4 bila maziwa ya mama kwa anayenyonya, saa 2 bila maji. Mtaalamu wa usingizi ndiye wa mwisho kusema kwa kila mgonjwa.

Hesabu kutoka saa ya mapema kabisa ambayo mgonjwa anaweza kuitwa. Usitumie saa iliyoandikwa kwenye listi. Goita likiahirishwa asubuhi kwa presha kuwa juu, mwenye busha anaweza kusogezwa mbele, na kama alipewa uji saa 12:00 asubuhi, chumba kitamngoja hadi mchana. Kwa hiyo chakula chake kiishie usiku. Maji ni habari nyingine: mara goita linapoanza kukatwa, muuguzi wa thieta anapiga simu wodini, na mwenye busha anaruhusiwa kunywa maji hadi saa 4:30 asubuhi. Simu moja ya nusu dakika, na mgonjwa hafiki mezani na mdomo uliokauka.

## Hatua ya 7: Linda saa ya kwanza

Mgonjwa wa kwanza akichelewa dakika 40, akiba yote ya siku imekwisha saa 2:40 asubuhi na hakuna aliyekosea upasuaji. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma: ili mtoto aingie saa 2:00, anatakiwa awe sehemu ya kusubiria saa 1:40 pamoja na mzazi. Mashine ya usingizi na oksijeni vikaguliwe saa 1:15. Fomu ya ridhaa na vipimo viwe kwenye faili tangu jana jioni.

Kwa hiyo jana saa 8:00 mchana, baada ya listi kubandikwa, pita wodini mwenyewe. Tazama kila mgonjwa kwa macho: yupo? Ana homa? Ana kikohozi, hasa mtoto? Presha ikoje? Kugundua jana kwamba mtoto ana mafua kunakupa nafasi ya kumwingiza mgonjwa mwingine ambaye muda wake unaenea. Kugundua leo asubuhi kunakupa chumba kitupu.

## Hatua ya 8: Weka saa ya mwisho ya kuingia, na uiheshimu

Siku ikishaanza kazi yako ni moja: kulinganisha saa halisi na saa za listi kila mgonjwa anapotoka. Kabla ya siku kuanza, andika juu ya listi saa ya mwisho ambayo mgonjwa wa mwisho anaweza kuingia. Jipu linachukua wastani wa dakika 45. Nimeacha dakika 10 za kupumulia, kwa hiyo mwisho wake wa kuingia ni saa 8:35.

Ukirudi nyuma kutoka hapo, utapata alama yako ya mapema. Mpito 30, busha 65, mpito 30: goita likitoka chumbani baada ya saa 6:30 mchana, jipu halitaingia kwa wakati. Hapo ndipo uamuzi unapofanyika, saa 6:30, usiungoje mpaka saa 9:00. Njia ni tatu. Jipu liende chumba cha dharura kikiwa wazi. Au timu ya jioni ikubali kwa maneno, jina kwa jina, kuendelea. Au mgonjwa aambiwe sasa hivi, ale, na apewe namba ya kwanza inayofaa kesho. Jipu linalopandisha homa haliahirishwi. Linakwenda njia ya kwanza au ya pili.

Atakayetoa habari ni daktari mwenyewe au wewe, na si mhudumu wa machela. Mgonjwa akielezwa mapema, uso kwa uso, kwa sababu ya kweli, mara nyingi huelewa.

Tahadhari: usiruhusu upasuaji uharakishwe ili saa ipatikane. Ukisikia mtu anasema "ruka kuhesabu, tumechelewa," simamisha. Muda unapatikana kwenye listi ya kesho, haupatikani ndani ya tumbo la mtu.

## Hatua ya 9: Funga siku kwa daftari

Kabla ya kuvua nguo za thieta, jaza nyakati tano za kila mgonjwa, na kwa kila ucheleweshaji unaozidi dakika 15 andika sababu kwa maneno machache: "seti haikuwa kavu", "daktari raundi", "kanyula wodini haikuwekwa". Usiandike "kuchelewa" peke yake. Baada ya listi 20 hesabu sababu ipi inajirudia, kisha shughulikia hiyo moja.

Angalia pia kama listi zako zinaisha kabla ya wakati. Ukimaliza kwa wakati siku 20 kati ya 20, na chumba kinafungwa saa 8:00 kila siku, wastani wako umevimba na kuna wagonjwa wanaokosa nafasi bure. Ukimaliza kwa wakati siku 16 kati ya 20, uko pale hesabu ilipokusudia. Chini ya 12, rudi hatua ya kwanza ukatazame kama bado mnaandika muda wa kisu.

Jumanne yetu ilikwenda hivi. Mtoto aliingia saa 2:10 kwa sababu kanyula ilitoka akiwa njiani, akatoka saa 3:05. Goita liliingia saa 3:35, likakutwa kubwa kuliko ilivyoonekana kliniki, likatoka saa 6:20. Ilikuwa dakika 10 kabla ya alama yetu, kwa hiyo hatukumgusa mwenye jipu, ila tulipiga simu chumba cha dharura kuuliza hali. Busha saa 6:50 hadi 7:50. Jipu saa 8:20 hadi 9:10. Bingwa aliwahi kliniki. Kwenye daftari la goita ziliandikwa dakika 165 kama mgonjwa wa 13, wastani ukasogea kutoka 150 kwenda 151, na mwenye ngiri ya kinena akaandikwa namba moja ya Alhamisi.